Waya, Jiliwa na Bomba la Schenectady

Wanangu, leo tunavunja chuma kwa mikono. Hatuhitaji nyundo wala msumeno. Tunahitaji waya wa uzio, ule wa chuma laini wenye unene wa milimita 3, jiliwa iliyofungwa vizuri mezani, na vipande viwili vifupi vya bomba lenye kipenyo cha milimita 30. Mtu mzima awe karibu, na kila anayetazama avae miwani ya kazi, kwa sababu ncha ya waya ikikatika inaweza kuruka.

Simamisheni waya wima katikati ya vipande viwili vya bomba, kimoja kushoto na kingine kulia, kisha vibaneni vyote pamoja kwenye jiliwa. Sasa ukivuta ncha ya juu kwenda kushoto, waya utalala juu ya mgongo wa bomba la kushoto. Ukiupeleka kulia, utalala juu ya lile la kulia. Kwenda kushoto, kurudi wima, kwenda kulia na kurudi tena wima: huo tuuite mzunguko mmoja. Jaribio hili wenye viwanda vya waya wanalijua sana, na lina kiwango chake cha kimataifa, ISO 7801. Anayepima hukunja huku na huko, akihesabu, mpaka waya ukatike.

Anzeni kukunja. Mkifika mzunguko wa tatu, simameni kidogo mguse pale unapokunjika, lakini kwa ncha ya kidole na kwa haraka. Kuna joto. Hakuna aliyeuweka waya huu kwenye moto, basi joto limetoka wapi? Limetoka mikononi mwenu. Kazi mliyofanya kuukunja haikuhifadhiwa ndani ya waya kama inavyohifadhiwa kwenye springi, la sivyo waya ungeruka na kurudi wenyewe ulikotoka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imegeuka joto, na sehemu ndogo iliyobaki imeuvuruga mpangilio wa atomi ndani ya chuma. Hilo joto ndilo dalili ya kwanza kwamba kuna kitu kinafanyika ambacho hakirudi nyuma.

Chuma kina namna mbili za kunyumbuka. Chukueni waya wenye urefu wa mita moja mkauvute taratibu. Mwanzoni unarefuka kidogo sana, na mkiuachia unarudi urefu wake wa awali. Kwa chuma laini, kurefuka huko kunakorudi hakuzidi sana milimita moja na robo kwa kila mita. Mkivuka hapo, waya unaanza kurefuka kwa kudumu, na hata mkiuachia hautarudi kamili. Ule wa kwanza tuuite mnyumbuko unaorudi, na wa pili mnyumbuko usiorudi. Tunaupima kwa kulinganisha na urefu wenyewe: milimita 10 kwa kila mita ni asilimia 1.

Turudi kwenye jiliwa. Waya unapolala juu ya bomba, upande wa nje unalazimika kurefuka na upande wa ndani kufupika, wakati mstari wa katikati haubadiliki. Kutoka kitovu cha bomba hadi katikati ya waya ni milimita 16.5, na hadi ngozi ya nje ni milimita 18. Tofauti ni 1.5, na ukiigawa kwa 16.5 unapata karibu asilimia 9. Ukiukunja upande wa pili, ngozi ileile iliyorefuka kwa asilimia 9 sasa inafupika kwa asilimia 9. Safari nzima kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ni asilimia 18, na nusu yake, yaani kutoka katikati hadi mwisho mmoja, ndiyo amplitudo. Mnaona kwamba mnyumbuko unaorudi, ambao ni sehemu ndogo tu ya asilimia 1, hapa hauna uzito wowote. Karibu wote ni wa aina isiyorudi.

Waya huu hautafika mbali. Makadirio ninayotaka kuwaonyesha baadaye yanasema utakatika kwenye mzunguko wa sita au wa saba hivi.

Sasa toeni mabomba yale, wekeni mengine yenye kipenyo cha milimita 60, yaani mara mbili, na waya mwingine kutoka kwenye roli lilelile. Hesabu inakuwa 1.5 kugawa kwa 31.5, karibu asilimia 5. Mnyumbuko umepungua nusu. Kunjeni huku mkihesabu, na huku mkisikiliza mikono yenu. Mikono itawaambia kwamba nguvu inayohitajika ni karibu ileile. Ukishikilia waya mahali pale pale, umbali uleule kutoka bomba, hutahisi tofauti ya maana kati ya bomba dogo na kubwa. Lakini waya huu wa pili utadumu karibu mara nne ya ule wa kwanza.

Hapo ndipo kisa chetu kilipo. Nguvu ni karibu ileile, umri umekuwa mara nne.

Fikirini watu wanaosukuma gari lililozimika. Likishaanza kwenda, wanasukuma kwa nguvu ileile wakilipeleka mpaka getini au mpaka gereji ya mtaa wa pili. Ukimuuliza mmoja wao, "Umesukuma kwa nguvu kiasi gani?" jibu lake halitakuambia gari limefika wapi. Itabidi uulize umbali. Chuma kilichovuka kikomo cha kurudi kiko hivyo. Mkazo, yaani nguvu ikigawanywa kwa eneo linaloibeba, unapanda polepole mno, wakati mnyumbuko unakimbia.

Zamani wahandisi hawakuuliza umbali, na walikuwa na sababu nzuri. Katika karne ya 19, Mjerumani August Wöhler alikuwa mhandisi wa reli, na tatizo lililomsumbua lilikuwa ekseli za mabehewa zinazokatika ghafla baada ya kufanya kazi salama kwa muda mrefu. Alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli huku zikibebeshwa uzito, akahesabu mizunguko mpaka zivunjike, na kazi yake ikachapishwa kati ya miaka ya 1858 na 1870. Gurudumu lenye kipenyo cha mita moja huzunguka zaidi ya mara 300 kwa kila kilomita, na kila mzunguko hukunja ekseli mara moja kwenda na kurudi. Kwa hiyo ekseli lazima ivumilie mamilioni ya mizunguko. Ili ivumilie hivyo, mzigo wake unapaswa kuwa mdogo kiasi kwamba karibu mnyumbuko wote ni wa kurudi. Na mnyumbuko ukiwa wa kurudi, mkazo na mnyumbuko huenda sambamba: ukizidisha mmoja mara mbili, mwingine nao unazidi mara mbili. Ukijua mmoja umejua wote wawili. Wöhler alitumia mkazo, na kwa ekseli zake alikuwa sahihi kabisa. Hata leo, kwa kitu kinachotakiwa kudumu mamilioni ya mizunguko, mkazo unatosha.

Shida inaanza pale mizunguko inapokuwa michache na mizigo mikubwa. Ngoja niwaonyeshe kwa namba jinsi mkazo unavyodanganya. Kwa vyuma vingi, ukizidisha mnyumbuko usiorudi mara mbili, mkazo unaongezeka kama sehemu moja ya kumi tu. Sasa geuzeni jambo hilo. Tuseme fundi wa maabara amekosea kupima mkazo kwa asilimia 5, kosa dogo ambalo hakuna atakayemlaumu. Kosa hilo likigeuzwa kuwa mnyumbuko linakuwa karibu asilimia 40. Likigeuzwa kuwa umri wa chuma, anasema mizunguko 1,000 wakati ukweli ni karibu 2,000, au karibu 500. Akikosea kwa asilimia 5 kwenye mnyumbuko wenyewe, kosa la umri linabaki karibu asilimia 10. Kipimo kimoja kinakuza makosa, kingine kinayavumilia.

Kuna jambo la pili. Chuma hakikai vilevile wakati unakikunja. Shaba laini iliyochomwa ikapoa, kwa mfano, inazidi kuwa ngumu kila inapokunjwa. Kwa hiyo ukiipeleka kwenye mnyumbuko uleule kila mara, mkazo wa mzunguko wa kwanza si ule wa mzunguko wa hamsini. Vyuma vingine vilivyokuwa vimekazwa tangu mwanzo hufanya kinyume, vinalegea. Mtu akiuliza mkazo ni kiasi gani, itabidi umuulize ni wa mzunguko upi. Mnyumbuko uliouchagua unabaki mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ili niwaeleze inabidi tusafiri mpaka Schenectady, jimbo la New York, miaka ya mwanzo ya 1950. Huko Louis Coffin alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Knolls, iliyoendeshwa na kampuni ya General Electric kwa ajili ya mitambo ya nyuklia. Mabomba ya mitambo hiyo hupata moto mtambo unapowashwa na kupoa unapozimwa. Hakuna anayeyavuta wala kuyakunja. Hayabebi mzigo mkubwa. Hata hivyo, yanaweza kupasuka.

Coffin alichukua bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, akalibana ncha zote mbili kwenye fremu imara isiyokubali kusogea, kisha akalipasha moto kwa kupitisha umeme ndani ya chuma chenyewe, akalipoza, akalipasha tena. Fikirini hali ya bomba hilo. Likipata moto linataka kurefuka. Chuma cha aina hiyo, joto likipanda nyuzi 300 za Selsiasi, kinataka kurefuka kama milimita 5 kwa kila mita. Fremu haikiruhusu hata milimita moja. Basi urefu ule unaotakiwa kuongezeka unalazimika kumezwa na chuma chenyewe: kinajikunyata wakati wa moto, na kinavutwa wakati wa kupoa. Nani ameamua kiasi cha mnyumbuko? Joto na fremu. Bomba lingekuwa la chuma kigumu au laini, asilimia ile 0.5 ingelazimishwa juu yake vilevile. Mkazo unakuja baadaye, kama jibu la chuma kwa kile kilicholazimishwa.

Hali hiyo ipo kila mahali chuma kinapoumia sehemu ndogo tu. Angalieni pembe ya tundu kwenye kipande kikubwa cha mashine. Pale pembeni mnyumbuko umevuka kikomo, lakini chuma kinachopazunguka bado ni kizima, kinakwenda na kurudi kama springi. Chuma hicho kizima ndicho kinachoishika ile sehemu ndogo na kuinyoosha na kuikunyata kwa kiasi chake, kama fremu ya Coffin ilivyolishika bomba.

Wakati huohuo, huko Cleveland jimbo la Ohio, Samuel Manson wa taasisi ya utafiti wa ndege NACA alikuwa akihangaika na sehemu za injini za jeti, ambazo nazo hupata moto na kupoa kila safari. Manson alichapisha mwaka 1953, Coffin mwaka 1954, kila mmoja kwa njia yake, na wote wawili walikutana kwenye jambo moja. Ndiyo maana kanuni yenyewe hubeba majina yote mawili.

Kanuni hiyo, kwa namna rahisi aliyoitumia Coffin, ni hii: chukua upana wa mnyumbuko usiorudi, ile safari nzima kutoka mwisho hadi mwisho, uzidishe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mizunguko. Utapata namba ileile kila mara kwa chuma kilekile.

Δεp × √N = C

Namba C inatokana na jambo linalopimwa kirahisi. Unavuta kipande cha chuma mara moja tu mpaka kikatike, kisha unapima shingo iliyojitengeneza pale kilipokatikia. Kadiri shingo ilivyokuwa nyembamba, ndivyo chuma kilivyo na subira na ndivyo C ilivyo kubwa. Chuma laini ambacho shingo yake imebaki na asilimia 40 ya eneo la awali kina C ya karibu 0.46.

Sasa rudini kwenye waya wetu. Bomba dogo: upana ulikuwa asilimia 18, yaani 0.18. Gawanyeni 0.46 kwa 0.18, mnapata karibu 2.6, na kipeo chake cha pili ni kama 6.5. Bomba kubwa: upana asilimia 9.5, jibu ni karibu mizunguko 23. Msishangae wenu ukikatika mapema au ukachelewa kidogo. Waya umekwaruzwa kiwandani, mikono haikunji sawasawa, na katika kukunja ngozi ya nje ndiyo inayoumia huku moyo wa waya ukiumia kidogo. Linaloshikilia ni uwiano: mnyumbuko nusu, umri mara nne.

Bomba la Coffin linatupa somo jingine. Tuseme katika ile asilimia 0.5 ya joto la nyuzi 300, asilimia 0.2 ni ya kurudi. Inabaki 0.3 isiyorudi. Ukiongeza tofauti ya joto iwe nyuzi 600, jumla inakuwa 1.0, lakini sehemu ya kurudi haijaongezeka sana, kwa hiyo isiyorudi inafika karibu 0.8. Joto limezidi mara mbili tu, mnyumbuko usiorudi umezidi karibu mara tatu, na umri umepungua mara saba. Ndiyo maana mwendeshaji wa mtambo huambiwa auwashe taratibu. Akipasha haraka, ngozi ya chuma inapata moto kabla ya moyo wake, na tofauti ya joto kati yao ndiyo inayokula umri.

Lakini kwa nini mnyumbuko usiorudi uue chuma? Chuma ni fuwele ndogondogo zilizobanana, na ndani ya kila fuwele atomi zimepangwa kwa tabaka. Mnyumbuko wa kurudi huzisogeza atomi kidogo na kuziachia zirudi. Mnyumbuko usiorudi hufanya tabaka moja liteleze juu ya jingine. Mkikunja upande wa pili, linateleza kurudi, ila halirudi kwenye mstari uleule. Kwenye ngozi ya chuma vinabaki vijingazi vidogo, vingine vimechomoza, vingine vimezama. Kwa hadubini vinaonekana kama makunyanzi. Kishimo kilichozama kinazidi kuzama kila mzunguko, na siku moja ni ufa. Kwenye waya wenu mtaona jambo hilo hata bila hadubini: kabla haujakatika, sehemu iliyokunjwa inapoteza mng'ao na kuwa na ngozi iliyofifia kama ganda la chungwa.

Hapo pia ndipo fundi mwenye jicho hutofautisha vifo viwili vya chuma. Ekseli iliyokufa kwa mamilioni ya mizunguko mara nyingi huwa na ufa mmoja uliotambaa taratibu, uso wake laini, na umbo la ekseli halijaharibika. Kilichokufa kwa mizunguko michache huwa na nyufa nyingi zilizoanza pamoja, uso wake una mikwaruzo, na kipande chenyewe kimepinda au kimevimba. Akiona hivyo, hatauliza tu kilibeba mzigo gani. Atauliza kililazimishwa kunyumbuka kwa kiasi gani, na nini kilikilazimisha.

Watu wengi wakisikia kitu kimevunjika husema kichukuliwe chuma kigumu zaidi. Hapa ushauri huo unaweza kuwa mbaya. Chuma kigumu kinabeba mkazo mkubwa, na kwa mamilioni ya mizunguko kinashinda. Lakini subira yake ni ndogo, shingo yake haiwi nyembamba, C yake ni ndogo. Kikilazimishwa mnyumbuko mkubwa, chuma laini kinadumu kuliko hicho kigumu. Wapimaji walipochora mistari ya vyuma vingi vya aina mbalimbali kwenye karatasi moja, waliona mistari hiyo inakatana karibu na mahali pamoja: amplitudo ya asilimia 1, umri wa karibu mizunguko 1,000. Juu ya hapo chuma laini kinashinda, chini ya hapo kigumu kinashinda. Mimi naliona hilo kuwa moja ya mambo ya ajabu zaidi katika elimu ya metali, kwamba vyuma visivyofanana vinakubaliana mahali pamoja.

Kanuni ya Coffin na Manson ina mipaka yake. Mnyumbuko usiorudi ukishakuwa mdogo kuliko unaorudi, hauwezi tena kubeba hesabu peke yake, na wahandisi hujumlisha sehemu zote mbili, ya kwao na ya zamani ya kina Wöhler. Mpaka mwingine ni muda. Kwenye chuma cha moto sana, ukikivuta na kukishikilia hapo kwa saa nzima kabla ya kukiachia, kinaendelea kutambaa polepole, na hewa inashambulia ncha ya kila ufa. Mzunguko mmoja wa saa nzima unaua zaidi kuliko mzunguko mmoja wa sekunde, ingawa mnyumbuko ni uleule. Kwa sababu hiyo vitabu vya kumbukumbu vya mitambo mikubwa ya turbini za gesi huwa na hesabu mbili zinazokwenda sambamba: mara ngapi umewashwa, na umeendeshwa saa ngapi.